Chati ya Chupa Mbovu Inapokaa Kimya au Inapopiga Kelele Bure

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kiwanda ambaye tayari ana chati ya udhibiti kwenye kompyuta, yenye mstari wa kati na mipaka miwili iliyowekwa mikengeuko sanifu mitatu juu na chini ya mstari huo, lakini chati hiyo haimsaidii. Ama haimwonyeshi kitu hata siku ambayo sakafu nzima inajua kwamba kazi iliharibika, ama inamwonyesha alama nyekundu kila asubuhi hadi ameacha kuitazama. Nimezikuta hali zote mbili katika viwanda vya Nairobi, na mara nyingi kosa halikuwa katika mashine wala kwa wafanyakazi, bali katika fomula moja iliyoandikwa siku ya kwanza na kuachwa hapo.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni wa kiwanda kidogo kilichoko mtaa wa Baba Dogo kinachopuliza chupa za plastiki za lita moja. Kila saa mkaguzi wa ubora huchukua chupa 50 kutoka kwenye mstari, huzijaza hewa kuona kama zinavuja, huzisimamisha juu ya kioo kuona kama kitako kimekaa sawa, kisha hupitisha kidole kwenye shingo kutafuta ulimi wa plastiki iliyozidi. Chupa yenye kasoro yoyote kati ya hizo huhesabiwa kuwa mbovu, mara moja tu, hata ikiwa na kasoro zote tatu. Siku ya kawaida ina saa nane za kazi, kwa hiyo chupa zinazokaguliwa ni 400. Jumamosi kazi huisha adhuhuri baada ya saa nne, na zinazokaguliwa ni 200. Hizi ndizo chupa mbovu za wiki nne:

```
         Jtatu  Jnne  Jtano  Alh  Ijm  Jmosi
Wiki 1     14    19     16    11   17     6
Wiki 2     20    13     15    18   12    15
Wiki 3     16    22     36    38   33     7
Wiki 4     15    10     17    21   15     5
```

Mtu yeyote akilitazama jedwali hili kwa macho tu ataiona wiki ya tatu. Chati ya kiwanda hicho haikuiona.

Dalili ya kwanza: siku mbaya zinapita bila alama

Tuanze na dalili hii kwa sababu ndiyo yenye hasara kubwa, na ndiyo inayochukua muda mrefu kugunduliwa, kwani chati iliyo kimya haimsumbui mtu.

Aliyetengeneza chati ya Baba Dogo alifanya jambo linaloonekana sahihi kabisa. Aligawa chupa mbovu kwa zilizokaguliwa, akapata asilimia ya kila siku, kisha akaichukua safu nzima ya asilimia hizo na kuipa kompyuta itafute wastani na mkengeuko sanifu kwa `AVERAGE` na `STDEV.S`. Wastani ulitoka asilimia 4.63, mkengeuko sanifu ukatoka asilimia 1.99, na mpaka wa juu, yaani wastani na mikengeuko mitatu juu yake, ukafika asilimia 10.6. Kwa siku ya chupa 400, hiyo ni sawa na kusema kwamba hakuna la kutazama mpaka chupa mbovu zifike 43. Alhamisi ya wiki ya tatu, iliyokuwa mbaya kuliko zote, ilikuwa na 38, yaani asilimia 9.5. Ikapita.

Sababu yake ni hii. Mkengeuko sanifu uliopatikana kwa safu nzima umebeba mambo mawili yaliyochanganyika: mtikisiko wa kawaida ambao ungekuwepo hata kama kiwanda hakijabadilika hata kidogo, na mruko uliosababishwa na hitilafu yenyewe tunayoitafuta. Siku tatu mbaya zimeupanua mpaka uliokuwa umewekwa ili kuzikamata. Kadiri siku zinavyoharibika zaidi, ndivyo mpaka unavyosogea juu kuzipisha. Ni kama kumpa mshukiwa kazi ya kuweka urefu wa ukuta.

Mipaka ya chati ya sehemu mbovu, yaani chati ya mbovu zilizogawanywa kwa zilizokaguliwa, haitoki kwenye mtawanyiko wa siku kwa siku. Inatoka kwenye swali jingine: ikiwa kiwanda kinatoa kiwango kilekile cha ubovu kila siku, na mkaguzi akachukua chupa 400, idadi ya mbovu atakazozikuta itayumba kiasi gani kwa bahati tu? Jibu la swali hilo linajulikana bila kuzitazama siku zenyewe. Ukiita wastani wa sehemu mbovu p na idadi iliyokaguliwa siku hiyo n, mkengeuko sanifu ni kipeuo cha pili cha p mara (1 − p) gawanya kwa n. Kwenye Excel, ikiwa safu ya B ina zilizokaguliwa, safu ya C ina mbovu, na seli J1 ina wastani, fomula zinakaa hivi:

```
J1:  =SUM(C2:C25)/SUM(B2:B25)
D2:  =C2/B2
E2:  =$J$1+3*SQRT($J$1*(1-$J$1)/B2)
F2:  =MAX(0,$J$1-3*SQRT($J$1*(1-$J$1)/B2))
G2:  =IF(OR(D2>E2,D2<F2),"NJE","")
```

Zingatia kwamba J1 ni jumla ya mbovu kugawanywa kwa jumla ya zilizokaguliwa, si wastani wa asilimia za kila siku. Ukichukua wastani wa asilimia, Jumamosi ya chupa 200 inapewa uzito sawa na Jumatano ya chupa 400, jambo ambalo si haki.

Kwa takwimu zetu, mbovu zote ni 411 na zilizokaguliwa ni 8,800, hivyo wastani ni asilimia 4.67. Mkengeuko sanifu wa siku ya chupa 400 unakuwa asilimia 1.06 tu, karibu nusu ya ule wa kwanza, na mpaka wa juu unashuka hadi asilimia 7.84. Jumatano ya wiki ya tatu yenye asilimia 9.0, Alhamisi yenye 9.5 na Ijumaa yenye 8.25 zote zinapata alama ya NJE, na hakuna siku nyingine inayoguswa.

Kama unataka kujua haraka iwapo chati yako ina ugonjwa huu, bonyeza seli ya mpaka wa juu na usome fomula. Ukikuta `STDEV` ya aina yoyote iliyoelekezwa kwenye safu ya asilimia za kila siku, umeupata.

Kazi haiishii hapo, kwa sababu siku hizo tatu bado zimo ndani ya wastani. Lakini kabla ya kuzitoa, sababu yake lazima ijulikane. Pale Baba Dogo msimamizi alirudi kwenye daftari la mkaguzi, akaona kwamba chupa nyingi za siku hizo hazikuwa zikivuja bali zilikuwa na kitako kilichovimba, zikiwekwa juu ya kioo zinacheza. Kitako huvimba chupa inapotolewa kwenye kalibu, au moldi kama mafundi wanavyoiita, ikiwa bado ya moto. Fundi wa mashine alishika bomba la maji yanayotoka kwenye kalibu kisha akauondoa mkono haraka. "Mkubwa, haya si maji ya kupoza," akamwambia msimamizi, "haya ni ya kukoroga ugali." Ilikuwa wiki ya mgao wa maji, tangi la juu lilikuwa limeshuka, na pampu ilikuwa ikivuta maji nusu na hewa nusu. Hewa haipozi chuma kama maji. Ijumaa jioni lori la maji lilijaza tangi, na Jumamosi mbovu zikawa 7 kati ya 200.

Sasa sababu inajulikana, na kiwanda kimeweka kipimo cha kina cha maji kwenye tangi. Siku hizo tatu zinaweza kutolewa kwenye hesabu ya msingi, ingawa zinabaki kwenye mchoro ili kila mtu azione. Njia safi ni kuongeza safu ya H yenye neno "ndiyo" kwa siku zinazoingia kwenye msingi na "hapana" kwa zisizoingia, kisha kubadilisha J1:

```
J1:  =SUMIFS(C2:C25,H2:H25,"ndiyo")/SUMIFS(B2:B25,H2:H25,"ndiyo")
```

Zinabaki mbovu 304 kati ya 7,600, yaani asilimia 4.0 kamili. Mkengeuko sanifu wa siku ya chupa 400 ni asilimia 0.98, mpaka wa juu ni asilimia 6.94 na wa chini ni 1.06. Kwa lugha ya sakafuni, chupa mbovu 28 au zaidi siku ya kawaida ni NJE, na 4 au pungufu pia ni NJE. Namba hizo mbili zikiandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na meza ya mkaguzi, hata asiyejua kufungua Excel ataziona.

Sharti la kujua sababu kabla ya kutoa siku si urasimu. Nimewahi kuona mtu akitoa kila siku iliyotoka nje, akakokotoa upya, akatoa nyingine zilizotoka nje ya mipaka mipya, akaendelea hivyo mara nne. Alibaki na chati nzuri ya kiwanda kisichokuwepo.

Dalili ya pili: Jumamosi ndiyo kila mara inayopata alama

Dalili hii hutokea kwa wale waliorekebisha ya kwanza nusunusu. Wamekokotoa mpaka mmoja kwa chupa 400, wakauchora kama mstari ulionyooka mwaka mzima. Jumamosi ya wiki ya pili ilikuwa na mbovu 15 kati ya 200, yaani asilimia 7.5, nayo iko juu ya mpaka wa 6.94. Msimamizi anaita zamu ya Jumamosi, anawauliza maswali, nao wanaanza kuamini kwamba wanaonewa. Wana haki.

Sampuli ndogo huyumba zaidi. Kwa chupa 200, mkengeuko sanifu ni asilimia 1.39 badala ya 0.98, na mpaka wa juu wa Jumamosi ni asilimia 8.16, yaani chupa 17 au zaidi. Jumamosi ile yenye 15 ilikuwa ndani. Fomula za E2 na F2 nilizoandika juu zinalishughulikia hili zenyewe kwa kuwa zinasoma B2, B3, B4 kila moja kwa siku yake. Kwenye mchoro mipaka itaonekana kama ngazi inayopanuka kila Jumamosi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa ionekane. Ikiwa mstari wako wa mpaka umenyooka huku idadi iliyokaguliwa ikibadilika kutoka siku hadi siku, tafuta alama ya dola iliyowekwa mahali pasipofaa: `$B$2` badala ya `B2`.

Kosa hili lina pacha wake ambaye ni mbaya zaidi kwa sababu hapigi kelele. Baadhi ya chati huchora idadi ya chupa mbovu badala ya asilimia, na mpaka umewekwa kwenye 28. Jumamosi yenye mbovu 20 kati ya 200, ambayo ni asilimia 10 na ambayo ingepaswa kumfanya msimamizi aahirishe chakula cha mchana, inapita chini ya 28 kana kwamba ni siku njema. Idadi tupu inafaa tu pale ambapo sampuli ni ileile kila siku.

Dalili ya tatu: alama inatokea chini, na watu wanashangilia

Jumatatu moja mkaguzi alileta mbovu 3 kati ya 400. Hiyo ni asilimia 0.75, chini ya mpaka wa chini wa 1.06, na chati ikaandika NJE. Wengi huchukulia kwamba alama ya chini ni kosa la fomula, wakaifuta sehemu ya `D2<F2`, au huichukulia kuwa habari njema isiyohitaji kuulizwa. Mimi huiuliza kabla ya ile ya juu.

Ubovu ukishuka ghafla namna hiyo, mambo mawili yanawezekana: kazi imeboreka kweli, au kipimo kimelegea. Kinachotofautisha ni chupa zenyewe. Chukua 50 kati ya zile zilizopitishwa siku hiyo, mpe mkaguzi mwingine azikague upya bila kumwambia zimetoka wapi. Siku ile mkaguzi wa kawaida alikuwa amekwenda kuzika nyumbani, na aliyeshika nafasi yake alikuwa akipima uvujaji na kitako vizuri sana, ila hakuwa ameambiwa chochote kuhusu ulimi wa shingoni. Katika zile 50 zilipatikana tatu zenye ulimi. Tatu kati ya 50 ni asilimia 6, katika chupa ambazo zilikuwa zimeshaitwa nzima.

Jambo moja la kufahamu ni kwamba mpaka wa chini haupo siku zote. Kwa Jumamosi hesabu inatoa namba iliyo chini ya sifuri, na ndiyo maana fomula ya F2 ina `MAX(0,...)`. Siku hizo chati haiwezi kukwambia lolote kutoka upande wa chini, kwani hakuna sehemu mbovu iliyo pungufu ya sifuri. Kwa kiwango cha asilimia 4, sampuli inabidi izidi chupa 216 ndipo mpaka wa chini uinuke juu ya sifuri. Kwa jumla n izidi 9(1 − p)/p. Kiwanda chenye ubovu wa asilimia 1 kingehitaji zaidi ya chupa 891. Kwa hiyo msimamizi anayelalamika kwamba mstari wake wa chini umelala kwenye sifuri kila siku hana hitilafu. Ana sampuli ndogo tu kwa kiwango chake cha ubovu.

Dalili ya nne: karibu kila siku ni NJE

Kabla ya kitu kingine, hakikisha wanaohesabu wanahesabu kitu kimoja. Ikiwa zamu moja inahesabu chupa mbovu na nyingine inahesabu kasoro, chupa moja inayovuja na yenye kitako kibaya itaingia mara moja upande huu na mara mbili upande ule, na chati itapanda na kushuka kwa kufuata ratiba ya zamu. Hilo ni la kuzungumzwa mezani na wakaguzi, si la kompyuta.

Ikiwa hesabu ni moja na alama bado zimejaa, tazama ukubwa wa n. Tuseme kiwanda kimeweka kamera inayokagua chupa zote 20,000 za siku badala ya zile 400. Fomula ileile sasa inatoa mkengeuko sanifu wa asilimia 0.14, na mipaka inabana kati ya asilimia 3.58 na 4.42. Lakini kiwanda hakijawahi kuwa na asilimia 4.0 kamili kila siku; magunia ya malighafi yanatofautiana kidogo, asubuhi za Julai ni baridi kuliko za Februari, na waendeshaji hawafanani. Mayumbo hayo yalikuwepo tangu zamani, ila yalikuwa yamefunikwa na bahati ya sampuli ndogo. Sampuli kubwa imeyafunua, na mipaka inayodhani kwamba hakuna kingine ila bahati inayaita yote hitilafu.

Hapa ndipo mahali ambapo inafaa kuziacha fomula za sehemu mbovu na kuichukua asilimia ya kila siku kama kipimo kimoja. Mtawanyiko hupimwa kwa tofauti ya siku moja na inayofuata, si kwa safu nzima. Chukua siku tano za kamera kwa ajili ya kuonyesha njia tu, maana kwa kazi halisi ningetaka angalau 20: asilimia 3.1, 4.6, 3.8, 4.9 na 3.6. Wastani ni 4.0. Tofauti za siku jirani, bila kujali ishara, ni 1.5, 0.8, 1.1 na 1.3, na wastani wake ni 1.175. Zidisha kwa 2.66 upate 3.13, na mipaka inakuwa 0.87 na 7.13. Namba 2.66 ni mikengeuko mitatu ileile, yaani 3 gawanya kwa 1.128, ambayo ndiyo inayogeuza wastani wa tofauti za siku mbilimbili kuwa mkengeuko sanifu.

Msomaji makini atauliza kama hii si kurudi kwenye `STDEV` tuliyoikemea. Sivyo. Siku tatu mbaya zinazofuatana huongeza tofauti mbili tu kubwa, moja ya kuingia na moja ya kutoka, wakati kwenye `STDEV` kila moja ya siku hizo huvuta mpaka kwa nguvu zake zote. Hata hivyo, usikimbilie njia hii kwa sampuli ya 400 kwa sababu tu alama zimekuwa nyingi. Kwa sampuli ndogo namna hiyo, alama nyingi kwa kawaida zina maana kwamba kuna jambo linaendelea.

Dalili ya tano: mipaka inatembea

Fungua chati ya leo na ile uliyoichapisha mwezi uliopita. Ikiwa mpaka wa juu wa siku ileile, tuseme Jumatatu ya wiki ya kwanza, umebadilika kati ya karatasi hizo mbili, basi J1 inasoma safu nzima, kwa mfano `=SUM(C:C)/SUM(B:B)`, na kila siku mpya inaingia kwenye wastani ambao ulipaswa kuihukumu. Kiwanda kinachozorota polepole, kwa robo asilimia kila wiki, huinua wastani wake mwenyewe na mipaka ikapanda nyuma yake kama mtumishi.

Dawa ni kuifunga J1. Nakili seli hiyo, ibandike kama thamani tupu ili isomeke 0.04, na uandike kando yake tarehe za siku zilizotumika. Mipaka hiyo inabaki mpaka kitu kibadilike kwa makusudi, kama kalibu mpya au aina nyingine ya plastiki, kisha unakusanya siku nyingine 20 hadi 25 na kuanza upya. Kuzorota kwa polepole kutaonekana kwa namna nyingine: siku nane mfululizo zikiwa upande mmoja wa mstari wa kati, hata kama hakuna iliyovuka mpaka, ni dalili ya kutafutwa sababu kama ile ya NJE.

Ukiwa hapo kwenye J1, kagua pia kama `=COUNT(C2:C25)` inatoa 24. Namba iliyoandikwa kama maandishi, mara nyingi kwa sababu imenakiliwa kutoka WhatsApp ikiwa na nafasi pembeni, huachwa na `SUM` kimyakimya, ilhali `C2/B2` bado huweza kuigawanya na kuichora vizuri. Matokeo yake ni chati ambayo kila nukta iko mahali pake lakini mstari wa kati umekaa chini kuliko inavyostahili.

Dalili ya sita: alama iko, sababu haipo

Siku ina mbovu 29 kati ya 400. Fomula ni sahihi, mkaguzi ni yuleyule, maji ni baridi, gunia ni lilelile. Msimamizi ametafuta asubuhi nzima na hakuna alichopata.

Inawezekana kabisa kwamba hakuna cha kupata. Walter Shewhart alipobuni chati hizi mwaka 1924 hakuchagua mikengeuko mitatu kwa sababu haikosei. Aliichagua kwa sababu mipaka iliyo karibu zaidi humtuma mtu kuwinda vivuli mara nyingi mno, na iliyo mbali zaidi huacha hitilafu za kweli zipite. Kwa mtawanyiko wa kawaida wenye umbo la kengele, mipaka hiyo hupiga kelele bure takribani siku moja kati ya 370. Sehemu mbovu kama zetu zimeegemea kidogo upande wa juu, kwa hiyo kwa kiwanda kinachofanya kazi siku 300 kwa mwaka, alama moja ya bure kila mwaka si jambo la kushangaza. Alama mbili katika wiki moja ni jambo jingine.

Siku ya namna hiyo hubaki kwenye msingi ikiwa na "ndiyo" yake safu ya H, kwa sababu kuitoa ni kudai kwamba unajua lililotokea. Kwenye safu ya maelezo andika kilichokaguliwa na saa kilipokaguliwa: joto la maji ya kutoka, namba ya gunia, jina la zamu, aina ya kasoro iliyozidi. Alama nyingine ikitokea baada ya wiki tatu na safu hiyo ikaonyesha kwamba namba za magunia yote mawili zinatoka kwenye shehena moja, msimamizi atakuwa na pa kuanzia.